Dadu Moja, Majibu Matatu

Picha ilinifikia saa nne usiku: ukurasa wa daftari lenye miraba, kalamu ya bluu, kivuli cha simu kimeangukia nusu ya karatasi. Chini yake mwanafunzi ameandika: "Shikamoo mwalimu. Kitabu kinasema 3/2, mimi kila nikirudia napata 3. Nimekosea wapi?"

Swali lilikuwa hili: unarusha dadu mpaka upate 6, kwa wastani utarusha mara ngapi, ikiwa... Hapo kidole gumba kilikuwa kimeziba kona. Nikamwomba apige picha upya, kwani bila maneno yaliyofichika jibu ni 6 na hakuna cha kujadili. Picha ya pili ikaleta sharti lenyewe: ikiwa kila mrusho ulitoa namba shufwa.

Fumbo hili hunasibishwa na mwanahisabati Elchanan Mossel, na limewakwaza watu wengi waliobobea. Mwanafunzi wangu aliwaza hivi: namba zote ni shufwa, basi dadu imebaki na nyuso tatu, yaani 2, 4 na 6. Uwezekano wa kupata 6 ni 1/3, wa kuendelea ni 2/3. Akiita wastani anaoutafuta E, mrusho wa kwanza unampa:

E = (1/3)(1) + (2/3)(1 + E)

Jibu ni E = 3. Aljebra yake haina kosa hata moja, na mbinu ya kugawanya mchezo kwa mrusho wa kwanza ndiyo hasa inayotakiwa. Kosa limo kwenye zile sehemu mbili, 1/3 na 2/3.

Ili kuliona, tuchukue michezo 108 na kuifuata. Mrusho wa kwanza, kwa wastani, michezo 18 inapata 6 na kuisha. Michezo 36 inapata 2 au 4 na kuendelea. Michezo 54 inapata namba witiri, nayo tunaifuta kabisa, maana sharti limevunjika. Mrusho wa pili, katika ile 36, michezo 6 inaisha kwa 6, 12 inaendelea, 18 inafutwa. Mrusho wa tatu, katika ile 12, inaisha 2, inaendelea 4, inafutwa 6. Na kadhalika.

Sasa tazama waliofika mwisho salama: 18, 6, 2, na mabaki ambayo kila moja ni theluthi ya lililotangulia. Jumla yao ni 27, ambayo ni robo ya 108. Katika hao 27, waliomaliza kwa mrusho mmoja ni 18, yaani theluthi mbili. Mchezo mrefu huhatarishwa na witiri kila dadu inaporushwa, kwa hiyo michezo mirefu ndiyo inayofutwa zaidi, na iliyobaki ni mifupi. Dadu ya nyuso tatu haimfuti mtu yeyote, ndiyo maana inatoa 3. Jibu hilo lingekuwa sahihi kama witiri zingepuuzwa tu, mchezaji akarusha tena bila kuuhesabu mrusho huo. Hilo ni swali jingine.

Kwa hiyo, chini ya sharti letu, uwezekano wa 6 kutokea mrusho wa kwanza ni (1/6) ÷ (1/4) = 2/3, na wa kuendelea ni 1/3. Mlinganyo ni uleule, ila sehemu zimebadilishana nafasi:

E = (2/3)(1) + (1/3)(1 + E)

Nao unatoa E = 3/2. Thamani tarajiwa yenye sharti hudai kwamba uwezekano unaozidishia nao uwe chini ya sharti lilelile. Mwanafunzi aliingiza sharti kwenye dadu, akasahau kwamba liko juu ya mchezo mzima.

Sikutaka aniamini tu, nikamwambia apime majibu yote mawili kwa kanuni ya thamani tarajiwa ya jumla: wastani wa mchezo wote, 6, lazima uwe jumla ya wastani wa kila fungu ukizidishwa kwa uwezekano wa fungu hilo. Mafungu ni mawili. Robo ya michezo haikuona witiri. Robo tatu iliiona. Fungu la pili linahesabika peke yake: mpaka kitu kisicho 2 wala 4 kitokee ni mirusho 6/4, yaani 1.5 kwa wastani, na kikiwa ni witiri, kusubiri 6 kunaanza upya kwa mirusho 6 mingine. Jumla 7.5.

Asubuhi ikaja picha ya tatu, safari hii imepigwa dirishani kwenye mwanga, mistari miwili tu:

(1/4)(3) + (3/4)(7.5) = 6.375
(1/4)(1.5) + (3/4)(7.5) = 6

Wa kwanza alikuwa ameukata kwa rula.