Nani Aliyeepua: Kusoma Shairi kwa Penseli

Mama mmoja wa zoni yetu hapa Nyarugusu alisoma shairi hili kwenye kikao chetu cha Jumamosi. Mfanyakazi mmoja wa misaada alilipenda, akasema ni shairi zuri la mgao wa chakula na lingefaa kubandikwa ukutani siku ya ugawaji. Mama alinyamaza. Mimi nikaomba ile karatasi, nikainakili kwa mkono na kuacha pambizo pana, kama vidole vitatu hivi.

Niliacha sufuria, ikichemka jikoni,
Jirani alinambia, kimbia toka nyumbani,
Mwana nikamchukua, nikamweka mgongoni,
Nani aliyeepua, sufuria ya jikoni.

Hapa tunasubiria, mgao wetu foleni,
Maharage twapokea, twapimiwa mifukoni,
Mwana aniulizia, nyumbani ni nyumba gani,
Nani atayeepua, sufuria ya jikoni.

Kwanza nilizungushia duara kila kinachorudi. Hapo nikakosea kama tunavyokosea wengi: nilizungushia kila "-ni" ya mwisho wa mshororo, karatasi ikajaa maduara. Mwenyewe alipoiona alicheka. "Baba, hicho ni kina tu. Ningeweka nini?" Kweli, katika shairi la vina mwisho unaofanana ni sharti la utunzi, haujathibitisha kitu bado. Nikafuta, nikaacha maneno ambayo hakuna sheria iliyomlazimisha kuyarudia: sufuria, nyumbani, mwana.

Sasa tazama "mwana". Katika ubeti wa kwanza anachukuliwa na kuwekwa mgongoni, yaani anatendewa tu. Katika ubeti wa pili ni yeye anayetenda, tena anauliza. Mtoto wa mgongoni amefikia umri wa kuuliza maswali. Shairi halikutaja mwaka hata mmoja, lakini miaka imepita katikati ya beti mbili, na neno lililorudi ndilo lililotuonyesha.

Baada ya hapo nilitafuta mahali shairi linapogeuka, nikachora mstari wa kulala pambizoni. Kwa Kiswahili usingoje neno kubwa kama "lakini". Mgeuko mara nyingi unajificha ndani ya kitenzi, kwenye silabi moja. Ubeti wa kwanza ni "ni-": niliacha, nikamchukua, nikamweka. Wa pili unaanza kwa "tu-": tunasubiria, twapokea, twapimiwa. Mtu mmoja amekuwa watu wa foleni. Kisha katika mshororo wa tatu ile "ni" inarudi, "aniulizia", ila safari hii imekaa mahali pa mtendewa. Mama anakuwa tena mtu mmoja pale tu mtoto wake anapomgeukia na swali.

Mgeuko wa pili ulinipita kabisa nikisikiliza, na nadhani ulimpita kila mtu kikaoni. Sikio linapokea mshororo wa mwisho kama kiitikio, wimbo uleule. Weka penseli chini ya vitenzi: "aliyeepua", halafu "atayeepua". (Tukiongea tungesema "atakayeepua", ila mizani zingezidi.) Swali la kwanza ni la yaliyopita: labda jirani aliingia, labda askari. La pili ni la siku zijazo, maana yake kwa huyu mama sufuria bado iko motoni.

Mwisho niliweka alama za kuuliza. Mtunzi hakuweka hata moja, ingawa ana maswali matatu, mawili ya "nani" na moja la "gani". Hilo la "gani" lilinirudisha kwenye vina nilivyokwisha kufuta. Jikoni, nyumbani, mgongoni, foleni, mifukoni: mishororo yote inaishia mahali ambapo mtu au kitu kinaweza kuwekwa. Mmoja tu hauishii mahali, nao ni ule wa mtoto anayeuliza nyumbani ni wapi. Kwa hiyo kina hakikuwa "tu", samahani mama yangu. Sidai kwamba alikusudia. Nasema kipo kwenye karatasi, na yeyote anaweza kukihesabu.

Kuna mahali sikuthubutu. "Aniulizia" badala ya "aniuliza" yaweza kuwa na maana ya mtoto kuulizia habari za kwao, au yaweza kuwa ni kutafuta kina cha kati. Hapo nimeacha alama ya kuuliza.

Ukihesabu, mgao una mishororo miwili kati ya minane. Yule mfanyakazi nilimwonyesha karatasi yangu. Aliisoma kimya, kisha akauliza kama tungeliondoa neno "foleni" ili lisionekane lalamiko. Nilimwambia aangalie "tu-" inaanzia wapi, na kwamba bila foleni ile "ni" ya mtoto haina pa kurudia. Shairi halikubandikwa.

Alama yangu ya mwisho iko juu kabisa, pembeni ya mshororo wa kwanza. Maharage yanatajwa kwenye mgao tu. Mimi siku zote nilikuwa nikiyaona ndani ya sufuria ya nyumbani, na hayamo. Nilimwuliza mama mlikuwa na nini ndani. Akakunja karatasi, akanirudishia.

"Hicho sikuandika," alisema.