Mashine ya Kusaga, Miaka Mitatu Baadaye

Picha huja kwa simu, mara nyingi usiku, mtihani ukiwa karibu. Ukurasa wa jedwali la mali za kudumu umelazwa mezani, mpiga picha amesimama juu yake, kivuli cha mkono wake kimeangukia safu ya kwanza na mwanga wa taa umefuta tarakimu moja mbili katikati. Ukingo wa juu, pale palipoandikwa njia ya kukokotoa uchakavu, umekatwa. Chini kuna swali lenye majibu manne, kisha ujumbe: "Shikamoo mwalimu. Samahani kwa usumbufu. Hapa ni A au B?"

Marahaba. Wala si A wala B, lakini hilo tutalifikia.

Jedwali lenyewe lina mali kadhaa: meza, pikipiki, mizani. Swali linahusu mashine ya kusaga nafaka. Ilinunuliwa tarehe 1 Januari 2021 kwa shilingi 12,000,000. Muda wa matumizi ni miaka 5, na thamani ya mabaki, yaani kiasi kinachotarajiwa kupatikana ikiuzwa baada ya muda huo, ni 2,000,000. Kuna safu ya kiwango, inayosomeka ama asilimia 20 ama 30, maana karatasi imekunjwa hapo hapo. Uchakavu wa mwaka 2021 umeandikwa 3,600,000. Wa mwaka 2022 unaanza na 2 na 5, halafu mwanga umekula kinachofuata. Thamani ya kitabuni mwisho wa 2021 ni 8,400,000, na mwisho wa 2022 ni 5,880,000. Mwaka 2023 umeachwa mtupu. Swali: thamani ya kitabuni ya mashine tarehe 31 Desemba 2023 ni ipi? A: 6,000,000. B: 5,880,000. C: 4,116,000. D: 1,200,000.

Hesabu iliyomo humu ni ya kutoa na kuzidisha, na kalkuleta ya simu inaimudu. Ufundi ninaousifu hutangulia kalkuleta. Ni ule wa mtu anayeweza kulitazama jedwali lililopigwa vibaya na kulifanya lijieleze lenyewe.

Tuanze na tarakimu iliyofutika. Jedwali la mali hujumlika kwa upana na kwa urefu, kwa hiyo namba moja ikipotea, majirani zake huitaja. Mashine iliingia mwaka 2022 ikiwa na 8,400,000 na ikatoka na 5,880,000. Tofauti ni 2,520,000, na huo ndio uchakavu wa mwaka ule. Hakuna haja ya kukuza picha mpaka ivunjike vipande. Kiwango nacho hupatikana vivyo hivyo: 2,520,000 ukiigawanya kwa 8,400,000 unapata 0.3. Kwa hiyo kiwango ni asilimia 30, hata kama mkunjo wa karatasi unaonyesha 20.

Sasa njia, ile iliyobaki nje ya picha. Hapa ndipo wengi hujikwaa, kwa sababu jedwali linaonyesha muda wa matumizi na thamani ya mabaki, na vitu hivyo viwili huita mstari mnyoofu hata pasipo kuitwa. Mwanafunzi anaona miaka 5, anaona mabaki, mkono unakwenda wenyewe: 12,000,000 toa 2,000,000, gawanya kwa 5, ni 2,000,000 kila mwaka. Miaka mitatu ni 6,000,000, na thamani iliyobaki ni 6,000,000. Jibu A limekaa juu kabisa likimsubiri.

Lakini miaka miwili iliyokwisha kuandikwa inapinga. Katika mstari mnyoofu uchakavu wa kila mwaka kamili huwa sawa. Hapa mwaka wa kwanza ni 3,600,000 na wa pili ni 2,520,000. Umeshuka, na umeshuka kwa uwiano unaotambulika, kwani 2,520,000 ni asilimia 70 ya 3,600,000. Hiyo ni sahihi ya salio linalopungua: kila mwaka hukatwa asilimia 30 ya kilichobaki, basi kila mwaka hubaki asilimia 70 ya mwaka uliotangulia. Mwandishi wa jedwali amejitambulisha kwa namba zake. Ukiwa na miaka miwili mfululizo ambayo ni kamili, huhitaji kichwa cha jedwali kujua njia.

Kilichobaki ni hatua moja. Asilimia 30 ya 5,880,000 ni 1,764,000. Ukiitoa, unabaki na 4,116,000, ambayo ni C.

Napenda kukaa kidogo na majibu yasiyo sahihi, kwani mtunzi mzuri wa maswali hatupi namba ovyo. Kila jibu la uongo lina njia iliyolizaa. B ni thamani ya mwisho wa 2022, kwa hiyo aliyeichagua alifanya kila kitu sawa ila akasimama mwaka mmoja kabla. Mara nyingi anakuwa amesoma 31 Desemba kama 1 Januari, mwanzo wa mwaka ule ule. Angalia pia jinsi A na B zilivyokaribiana. Kati ya 6,000,000 na 5,880,000 kuna 120,000 tu, kiasi ambacho mtu anayekadiria kwa kichwa hawezi kukiona, na ndiyo maana swali lile la usiku lilikuwa "A au B". Mwanafunzi alikuwa amekwama baina ya njia isiyo yake na mwaka usio wake.

D imezaliwa na kosa jingine. Hapo mtu amechukua asilimia 30 ya bei ya kununulia kila mwaka, yaani 3,600,000 mara tatu, akabaki na 1,200,000. Amechanganya njia mbili, kiwango cha hii na mwendo wa ile. Dalili yake ni nyepesi kuiona: mashine ingali na miaka miwili ya kazi, na tayari thamani yake iko chini ya mabaki. Mwaka wa nne ingekwenda chini ya sifuri. Salio linalopungua haliwezi kufika sifuri kamwe, sembuse kuipita, kwa hiyo jibu la namna hiyo linajikana lenyewe.

Mtunzi angeweza kuweka mtego mwingine, nao ningeuona wa hatari zaidi: 3,430,000. Huo hupatikana kwa kutoa mabaki kwanza, kubaki na 10,000,000, kisha kukata asilimia 30 mara tatu. Anayefanya hivyo ana sababu inayoeleweka, maana katika mstari mnyoofu mabaki hutolewa mwanzoni. Katika salio linalopungua hayatolewi, kwa kuwa yamekwisha kuhesabiwa ndani ya kiwango. Ukitafuta kiwango kitakachoshusha 12,000,000 hadi 2,000,000 kwa miaka 5, unapata asilimia 30.1 na ushei. Mhasibu akaandika 30. Ukiyatoa mabaki tena, umeyahesabu mara mbili.

Ukiziweka njia zote mbili kwenye mashine hii, kuna jambo ambalo jedwali la njia moja halikuonyeshi. Mwisho wa mwaka wa kwanza mstari mnyoofu unaipa mashine 10,000,000, na salio linalopungua 8,400,000. Mwaka wa pili ni 8,000,000 kwa 5,880,000, na hapo pengo ni pana kuliko mwaka mwingine wowote, 2,120,000. Mwaka wa tatu linaanza kuziba, kwa sababu uchakavu wa 1,764,000 sasa ni mdogo kuliko ule wa 2,000,000 usiobadilika. Kwa hiyo swali la mwaka wa pili ndilo linalomwadhibu zaidi aliyekosea njia, na la mwaka wa tano halimwadhibu karibu hata kidogo. Wakaguzi wa hesabu wanaijua tofauti hii kwa uzoefu. Kosa la njia huonekana wazi mali ikiwa changa na hujificha mali ikizeeka.

Ipi ni ya haki zaidi kwa mashine ya kusaga? Mimi nasimama na salio linalopungua. Mashine mpya husaga kutwa bila kulalamika. Baadaye huanza mikanda, beringi na chekecheo, na gharama za matengenezo hupanda wakati uchakavu unashuka, hivyo mzigo wa kila mwaka hukaribia kulingana. Ghala linaloitunza mashine hiyo ningeliwekea mstari mnyoofu bila kusita. Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania nayo imegawa kwa mtazamo unaofanana na huo: kompyuta hukatwa asilimia 37.5 na samani za ofisi 12.5 kwa salio linalopungua, wakati majengo ya kawaida hukatwa asilimia 5 kwa mstari mnyoofu. Ila viwango vya kodi ni vya kodi. Anayevitumia kujibu swali la vitabu, ambalo jedwali lake lina kiwango chake, amehamia mtihani mwingine.

Tarehe ya ununuzi ndiyo jambo la mwisho ninalolitazama, na pengine ingefaa liwe la kwanza. Tuseme picha ilisomeka 1 Aprili 2021, na kampuni hukokotoa uchakavu kwa miezi. Mwaka wa kwanza una miezi 9. Salio linalopungua linakata 2,700,000 badala ya 3,600,000, kisha linaendelea: 9,300,000, halafu 6,510,000, halafu 4,557,000 mwisho wa 2023. Mstari mnyoofu kwa tarehe hiyo hiyo unafika 6,500,000. Weka 6,510,000 na 6,500,000 kwenye orodha moja ya majibu, uone watahiniwa wanavyotoka jasho: moja ni njia sahihi katika mwaka usio sahihi, nyingine ni kinyume chake. Na kampuni ikiwa na sera ya kutoza mwaka mzima katika mwaka wa ununuzi, miezi haihesabiki na tunarudi kwenye 4,116,000. Sera hiyo huandikwa chini ya jedwali kwa herufi ndogo, mahali ambapo wapiga picha hupasahau. Namba zenyewe, hata hivyo, hutoa siri nje: uchakavu wa kwanza ukiwa 3,600,000 kamili, mwaka mzima umetozwa, tarehe iwe yoyote.

Mwaka wa tano, mashine yetu ya Januari inashuka kutoka 2,881,200 kwa kukatwa 864,360, na inabaki na 2,016,840. Imezidi mabaki kwa 16,840, ambazo ndizo gharama ya kuandika 30 mahali pa 30.1. Wahasibu wengine huongeza kiasi hicho kwenye uchakavu wa mwaka wa mwisho ili kitabu kifunge kwenye 2,000,000 kamili. Wengine hukiacha, kisha mashine ikiuzwa tofauti inaingia kwenye faida au hasara ya mauzo. Swali likikuuliza thamani kwa salio linalopungua kwa asilimia 30 na majibu yote mawili yapo, chagua 2,016,840, isipokuwa mtunzi ameandika mahali fulani kwamba mwaka wa mwisho hurekebishwa. Kama hajaandika, au kama ameandika chini kabisa na picha imekatwa, mwombe mwenye karatasi apige tena, safari hii akiwa amesogea nyuma hatua moja.