Kutoka pikseli hadi seli: kompyuta inavyosoma jedwali lililo kwenye picha

Ukiipa programu ya kusoma maandishi picha ya jedwali, mara nyingi maneno hutoka sawasawa huku jedwali lenyewe likiwa limevurugika: bei imehamia kwenye idadi, na jumla imepanda safu ya juu. Hali hiyo hutokea kwa sababu kazi ni mbili. Kutambua herufi ni kuangalia umbo la wino. Kujenga jedwali ni kuangalia wino huo umekaa wapi kwenye karatasi. Programu inaweza kufaulu katika kazi ya kwanza na kushindwa katika ya pili.

Tufuate jedwali moja dogo la duka, lililochapwa na kupigwa mistari. Lina safu wima nne: bidhaa, idadi ya kilo, bei na jumla. Chini ya vichwa kuna mchele, kilo 12 kwa shilingi 3,200, jumla 38,400. Sukari, kilo 8 kwa 2,800, jumla 22,400. Na unga, kilo 15 kwa 1,800, jumla 27,000. Safu ya mwisho inabeba jumla kuu, 87,800.

Nyeusi au nyeupe

Kompyuta haioni mchele wala sukari. Inaona pikseli, na kila pikseli ya picha ya kijivu ni namba kuanzia 0, nyeusi kabisa, hadi 255, nyeupe kabisa. Hatua ya kwanza ni kuchagua kizingiti: namba iliyo chini yake ihesabiwe wino, iliyo juu yake ihesabiwe karatasi. Njia inayotumika sana ni ile ya Nobuyuki Otsu ya mwaka 1979, ambayo huhesabu pikseli zote na kutafuta kizingiti kinachoyatenganisha makundi hayo mawili vizuri zaidi.

Kizingiti kimoja hukwama pale kivuli cha mkono kinapoangukia karatasi. Tuseme penye mwanga karatasi ina 230 na wino 40, lakini kivulini karatasi yenyewe imeshuka hadi 110. Kizingiti kikiwa 130, eneo lote la kivuli litahesabiwa wino. Dalili yake ni wazi: kona nzima inatoka nyeusi. Hapo hutumika kizingiti kinachobadilika kila eneo kulingana na pikseli za jirani.

Kisha picha hunyooshwa. Mshazari wa nyuzi 1 tu hauonekani kwa urahisi kwa macho, lakini mstari wa jedwali wenye urefu wa pikseli 1,900 utashuka pikseli 33 kutoka kushoto hadi kulia. Kama safu mlalo ina kimo cha pikseli 80, hiyo ni karibu nusu ya safu, na hapo ndipo namba za kulia huanza kuhesabiwa na jirani wa chini. Programu hujaribu kuizungusha picha kidogo kidogo na kuhesabu wino wa kila mlalo, kisha hubaki na pembe ambayo mistari na nafasi tupu zimeachana vizuri zaidi.

Kutafuta mistari

Sasa inatafutwa mistari ya jedwali, na herufi ziwekwe kando kwanza. Kinachotofautisha mstari na herufi ni urefu: mkwaju wa herufi yenye kimo cha pikseli 40 hauwezi kufikia pikseli 50 mfululizo, lakini mstari wa jedwali unazipita mbali. Kwa maktaba ya OpenCV, kazi hiyo inaandikwa hivi:

```python
_, wino = cv2.threshold(kijivu, 0, 255,
    cv2.THRESH_BINARY_INV + cv2.THRESH_OTSU)
fimbo = cv2.getStructuringElement(cv2.MORPH_RECT, (50, 1))
milalo = cv2.morphologyEx(wino, cv2.MORPH_OPEN, fimbo)
```

Amri ya kwanza inageuza rangi ili wino uwe mweupe. Zilizobaki zinafuta kila kipande cha wino ambacho fimbo ya pikseli 50 haiwezi kulala ndani yake. Maneno yanapotea, mistari ya mlalo inabaki. Ukibadilisha `(50, 1)` kuwa `(1, 50)` unapata ya wima.

Katika jedwali letu, tuseme mistari ya mlalo imepatikana kwenye kimo cha 300, 380, 460, 540, 620 na 700, na ya wima kwenye 100, 900, 1,200, 1,600 na 2,000. Inapokutana ndipo zilipo pembe za seli. Hesabu ya haraka ingetoa safu 5 mara 4, yaani seli 20. Lakini kwenye safu ya jumla kuu, mistari ya 900 na 1,200 inakomea kwenye kimo cha 620, kwa kuwa seli tatu za kushoto zimeunganishwa. Programu makini hukagua kama kila ukuta wa seli una wino kweli, nayo hupata seli 18.

Neno kupata makazi

Kinachofuata ni kusoma herufi. Programu kama Tesseract, iliyoanzia kampuni ya Hewlett-Packard na kuachiwa umma mwaka 2005, hupitia maandishi kutoka kushoto hadi kulia na kukadiria herufi kwa uwezekano. Pamoja na kila neno hutoa mahali lilipo: ukingo wa kushoto, wa juu, upana na kimo.

Neno "Sukari" limetoka hivi: kushoto 120, juu 485, upana 190, kimo 40. Kitovu chake basi kiko 215 kwa mlalo na 505 kwa wima. Namba 215 iko kati ya 100 na 900, na 505 iko kati ya 460 na 540. Kwa hiyo neno hili ni la safu wima ya kwanza, safu mlalo ya tatu. Jedwali linajengwa kwa kulinganisha namba hivi, neno moja baada ya jingine.

Jedwali lisilo na mistari huhitaji kubahatisha zaidi. Safu wima hukisiwa kutokana na mapengo meupe yanayoshuka kutoka juu hadi chini, na jina refu moja la bidhaa likiziba pengo, safu mbili huwa moja. Jina likikatika na kuendelea mstari wa pili, safu mpya ya uongo huzaliwa. Utaitambua kwa seli zake za namba kuwa tupu.

Kosa lisiloonekana

Hatari kubwa iko ukutani. Seli ikikatwa vibaya, kipande cha mstari wa wima hubaki kando ya 12, na programu husoma 112. Kiwango cha uhakika ambacho programu huipa namba hiyo kinaweza kuwa juu, kwa sababu umbo linafanana kweli na 1. Kiwango hicho hupima umbo, hakijui hesabu ya duka. Kukata seli pikseli chache ndani ya mistari hupunguza kosa hili, ila hakulimalizi.

Kinachoweza kulinasa ni jedwali lenyewe. 112 mara 3,200 inatoa 358,400, wakati seli ya jumla inasema 38,400. Ukijumlisha safu ya jumla unapata 87,800 barabara, kwa hiyo kosa haliko huko. Liko kwenye idadi au bei. Gawanya 38,400 kwa 3,200 na 12 inarudi. Basi kabla hujaingiza jedwali lolote lililosomwa na mashine kwenye hesabu zako, zidisha kila safu mlalo na ujumlishe safu wima ya jumla. Safu isiyokubaliana ndiyo ya kurudia kuitazama kwenye picha kwa macho yako.