Herufi moja ilivyogeuza fahari kuwa fahali

Kisa cha hadithi fupi 'Fahali', ambayo nimeisoma ikiwa bado mswada, ni chepesi kusimulia. Mwenye duka katika mji mdogo wa soko, barabara ya kwenda Nyeri, anamwita fundi wa kuchora mabango. Fundi anapiga mistari ukutani kwa chaki, anajaza herufi kwa rangi ya mafuta ya buluu, analipwa na kwenda zake. Ni mteja wa kwanza anayegundua kwamba badala ya DUKA LA FAHARI ukuta unasema DUKA LA FAHALI. Pesa za kupaka upya hazipo. Miezi michache baadaye mtaa mzima unawaambia watoto, "Enda kwa Fahali uniletee unga."

Mwandishi amelichagua kosa lake kwa akili. Makosa mengi ya mabango yetu huzaa neno lisilokuwapo, na kicheko chake huisha siku iyo hiyo. Hili limezaa neno jingine kamili. Fahari ni jambo la kujivunia. Fahali ni ng'ombe dume. Kinachoyatenganisha ni sauti moja tu, /r/ na /l/. Kwa hivyo wateja hawavumilii neno bovu, bali wamepewa picha. Fahari huwezi kuiona imesimama mlangoni, fahali utamwona, hasa pale ambapo mwenye duka ni mzee mwembamba, mpole, asiyeweza hata kumdai mtu deni la robo ya sukari.

Tazama pia sarufi inavyofanya kazi. Mwanzoni watu husema duka "limefungwa". Kufikia ukurasa wa tatu wanauliza, "Fahali amefunga?" na "Fahali ako?" Fahali ni kiumbe mwenye uhai, basi huvuta upatanisho wa A-WA, na duka nalo likapata uhai bila ya yeyote kutangaza. (Hilo "ako" litawakera baadhi yenu. Aka! Ndivyo tusemavyo dukani, na katika mazungumzo ya wahusika ndipo mahali pake.) Msimulizi mwenyewe hushikilia "lilifungwa" kwa muda mrefu, kisha ghafla anaandika kwamba Fahali alichelewa kufungua. Naye ameshatekwa.

Palipo na udhaifu ni kwenye chanzo cha kosa. Mwandishi anatuambia kwamba fundi hakusoma, basi. Sikubali. Kikuyu, lugha ya eneo hilo, huandikwa kwa r bila l. Msemaji wake aliyechekwa shuleni kwa kusema "kurara" badala ya "kulala" huanza kujihami: kila aonapo r anaishuku, anaweka l hata pale ambapo r ilikuwa sahihi. Mtu wa namna hiyo hukosea kwa sababu alifundishwa, tena kwa kejeli. Fundi wetu angeandika FAHALI kwa uangalifu mkubwa, akiamini kwamba safari hii hatachekwa. Fundi huyo angekuwa na uzito. Huyu wa mswadani ni kivuli tu.

Lakini ukurasa wa tano unasamehe mengi. Tunafahamishwa kwamba jina Fahari lilichaguliwa na marehemu mke wa mzee, aliyeuza mbuzi wake wawili ili duka lianze. Tunarudi nyuma kuusoma upya kila utani wa wateja. Wanapomwita Fahali kwa mapenzi, yeye huitika, hutabasamu, hupima mchele. Hawajui kwamba wanalifuta jina la mtu mwingine. Mwandishi hamfanyi alie wala anung'unike. Anatuonyesha tu kwamba katika daftari la madeni, ambako wateja hawafiki, mzee bado anaandika Fahari juu ya kila ukurasa.

Kisha mwanawe anarudi kutoka chuoni, anaona aibu, anachukua burashi na kuigeuza L kuwa R. Hapa mwandishi anaijua rangi. Kuongeza kichwa na mkono wa R ni rahisi. Kazi ni kuuficha mguu wa L uliolala chini. Kijana anaupaka rangi nyeupe mara moja tu, na buluu chini ya nyeupe nyembamba haifichiki. Jua linapopiga ukuta mchana, mguu unaonekana. Wateja wanafurahi, "Fahali amerudi!" Mzee anatoka nje, anautazama ukuta kwa muda, na kwa mara ya kwanza anasoma maneno yote mawili kwa pamoja.

Ingekuwa heri kalamu ikomee hapo. Badala yake anakuja mwalimu mstaafu kununua kiberiti na kutuhutubia kwa aya tatu kuhusu lugha kuwa mali ya wasemaji. Nimemwomba mwandishi amwachie kiberiti chake, amtoe dukani.