Adabu ya Barua ya Ofisi na Mahali Ilipo Katika Sentensi

Vitabu vingi vinavyofundisha uandishi wa barua rasmi katika shule za Kenya huishughulikia adabu kana kwamba ni jambo la kichwa na mkia. Mwanafunzi huonyeshwa mahali pa anwani na mahali pa nambari ya kumbukumbu; hufunzwa kuandika MINT. au KUH. mbele ya mada, kisha huambiwa amalizie kwa "wako mwaminifu" au "wako mtiifu". Kuhusu kiwiliwili cha barua hushauriwa tu kwamba atumie lugha ya heshima. Lugha hiyo ni ipi, na hubadilika vipi anayeandikiwa akiwa mkubwa wa mwandishi, mwenza wake au mtu aliye chini yake, ni jambo ambalo aghalabu halielezwi. Basi mwanafunzi huyo anapokuwa karani, mwalimu mkuu au mkuu wa idara, huinyunyiza "tafadhali" kila mahali, akaongeza "kwa heshima na taadhima" mahali anapoona hofu, na akadhani kazi imekwisha.

Kazi haijaanza. Katika barua ya Kiswahili, tofauti ya vyeo haibebwi hasa na maneno ya kupamba. Hubebwa na kitenzi: nani amefanywa kiima, kitenzi kimo katika kauli gani, na kimeishia vipi. Mwandishi anayekosea hapo hawezi kuokolewa na taadhima yoyote atakayoitia kabla au baada.

Sababu moja ni umbo la lugha yenyewe. Brown na Gilman walionyesha mwaka 1960 jinsi lugha kadhaa za Ulaya zinavyoitwika nafsi ya pili kazi ya kutenganisha mkubwa na mwenza: Mfaransa au Mjerumani huchagua kiwakilishi kimoja kwa rafiki na kingine kwa mkubwa, na tofauti ikawa imekwisha kuonekana. Kiswahili Sanifu hakina kiwakilishi cha namna hiyo. "U-" ni ya mkuu wa chuo, ni ya mfagizi pia. "M-" ya wingi hutumika barua inapoiandikia ofisi nzima, lakini haimpi mtu mmoja heshima. Kwa hiyo Mswahili anayemwandikia mkubwa hana budi kutafuta njia nyingine, na njia iliyo tayari ni kumwondoa mkubwa huyo katika nafasi ya mtu anayeamrishwa.

Itazamwe "tafadhali". Asili yake ni kitenzi cha Kiarabu katika hali ya kuamuru, chenye shina moja na "fadhila" na "fadhili". Humtaka msikiaji atende kwa ukarimu, lakini hakimwondolei amri. "Tafadhali tutumie orodha" ni amri iliyovikwa kanzu. Baina ya wenza kanzu hiyo yatosha, na kwa aliye chini ni hisani nzuri. Kwa aliye juu, la hasha: mkubwa hasomi "tafadhali" bali husoma "tutumie". Kiishio cha "-e", ambacho sarufi huhesabu kuwa kipole kuliko amri tupu, hakibadilishi mengi, kwa kuwa "utume" bado ina "u-" ya mkubwa kama mtu anayesukumwa kutenda.

Sasa ilinganishwe na "naomba kupatiwa orodha". Hapa kiima ni mwandishi, na tendo alilolibeba ni la kuomba. Tendo la mkubwa limegeuzwa kuwa kitenzi-jina katika kauli ya kutendwa, na mkubwa mwenyewe hayumo kabisa katika sentensi. Hakuamrishwa, wala hakutajwa. Ofisi za Tanzania, ambako Kiswahili kiliagizwa kitumike katika shughuli za serikali mwaka 1967, zimezoea muundo huu sana: "naomba kuruhusiwa", "naomba kuongezewa muda". Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi sambamba na Kiingereza, lakini barua nyingi za ofisi bado hufikiriwa kwa Kiingereza kwanza. Ndiyo maana huonekana sentensi kama "ningependa kuomba", ambayo ni kivuli cha adabu ya kigeni. Kwa sikio la Kiswahili "-nge-" huashiria sharti ambalo halijatimia, na msomaji hungojea "lakini". Anayeomba na aombe.

Ili jambo hili lionekane vizuri, na tuchukue mfano wa kubuni. Mkuu wa idara moja ya lugha chuoni hana alama za somo ambalo idara yake hulifundisha kwa ushirikiano na idara jirani. Alama zatakiwa zifike kwa msajili ifikapo tarehe 15. Mhadhiri mmoja wa idara yake hajazileta za sehemu yake, na idara jirani nayo hali kadhalika. Lazima aandike barua tatu juu ya jambo lile lile.

Kwa msajili aliandika kwanza hivi: "Kwa heshima na taadhima kubwa, na kwa unyenyekevu, tafadhali tuongezee siku chache kwa sababu zisizozuilika." Taadhima imejaa, na hata hivyo barua haina adabu, kwa sababu mbili. Ya kwanza imekwisha kusemwa: "tuongezee" ni amri. Ya pili ni nzito zaidi. Mkubwa ameachiwa kazi ya kukisia. Siku chache ni ngapi, na sababu ni zipi? Akitaka kuamua itambidi aandike kuuliza. Barua ya kwenda juu yafaa iandikwe hivi, kwamba anayeisoma aweze kuandika "imekubaliwa" au "imekataliwa" pembeni na kutia sahihi. Ilirekebishwa ikawa: "Alama za sehemu mbili za somo hili hazijapokelewa idarani. Naomba idara iongezewe siku 7, hadi tarehe 22, ili ziweze kukaguliwa kabla ya kuwasilishwa kwako." Taadhima imetoweka, na heshima imeongezeka. "Kuwasilisha" nako kumechaguliwa kwa makusudi. Ni kitenzi cha kupandisha, kama vile "kuagiza" kilivyo cha kuteremsha. Mwandishi "hupendekeza" kwa aliye juu lakini "humshauri" mwenzake. Kumkumbusha mkubwa nako kuna hila yake: haiandikwi "nakukumbusha", kwa maana ni kumwambia amesahau. Huandikwa "rejea barua yangu ya tarehe fulani", ukumbusho ukaachwa ujitokeze wenyewe.

Kwa mkuu wa idara jirani jambo ni jepesi, ingawa wengi hulikosea kwa kujinyenyekeza. Mwenza akiandikiwa kwa "naomba kupatiwa" hushangaa, pengine akahisi dhihaka. Hapa nafsi mbili zafaa zionekane wazi: "Tunawaomba mtuletee alama za sehemu yenu kabla ya tarehe 12, nasi tutawapelekea zetu siku hiyo hiyo." Kinachotunza usawa ni ule mrejesho wa "nasi", ombi limelipwa kwa ahadi. Hatari ya barua ya wenza haimo katika kitenzi bali chini kabisa, penye neno "Nakala". Nakala ikipelekwa kwa msajili katika barua ya kwanza, maneno matamu yaliyo juu huwa yamebatilika, kwa kuwa mwenza amekwisha kushtakiwa kabla ya kuulizwa. Wako wanaoona nakala kuwa utaratibu tu wa faili. Anayeipokea barua haioni hivyo, na maana ya barua hukamilika kwake.

Barua ya tatu ndiyo inayoharibika zaidi, na huharibiwa na wema. Mkuu huyu, kwa kuogopa kuonekana mkali, alimwandikia mhadhiri wake: "Unaombwa, kwa hisani yako, ulete alama utakapopata nafasi." Mhadhiri alisoma ombi, akangoja nafasi. Tarehe 16 alipokea barua nyingine ikimtaka aeleze kwa nini asichukuliwe hatua za nidhamu kwa kukaidi "agizo" la awali. Agizo lipi? Katika barua ya kwanza halimo. Kauli ya kutendwa "unaombwa" imemficha anayeomba, neno "omba" limeuficha ulazima, na "utakapopata nafasi" imeifuta tarehe. Mdogo ameadhibiwa kwa kosa la sarufi ya mkubwa wake.

Kipimo kinachofaa hapa ni kimoja: je, anayeandikiwa aweza kukataa bila kudhurika? Akiweza, "naomba" ni neno la kweli. Asipoweza, ni hadaa, hata kama nia ilikuwa njema. Heshima anayostahili aliye chini ni kuambiwa kweli juu ya wajibu wake, pamoja na sababu, tarehe na mlango wa kutokea: "Alama zinatakiwa ofisini mwangu tarehe 10, kwa kuwa zitakaguliwa kabla ya kupelekwa kwa msajili. Ukiwa na kizuizi, nijulishe kabla ya tarehe 8." Hakuna "tafadhali" hapa, na haikosekani, ingetiwa penye "nijulishe" isingedhuru. "Zinatakiwa" imeuweka ulazima juu ya alama badala ya mtu, ambapo "unatakiwa" ingemnyoshea kidole. "Unaagizwa" yapo mahali pake, lakini ni silaha ya barua ya pili, si ya kwanza.

Yaweza kudaiwa kwamba uwazi huu ni wa kigeni, na kwamba Waswahili wa zamani waliandikiana kwa mapambo. Barua za pwani za hati ya Kiarabu, zikiwemo zile alizozichapisha Büttner mwaka 1892, hazithibitishi dai hilo moja kwa moja. Ni kweli kwamba hufunguliwa kwa salamu ndefu, zenye sifa na dua kulingana na daraja la mtu. Lakini baada ya salamu huja "wa baadu", na hapo ndipo mlango wa pili unapofunguliwa. Heshima imekwisha kutolewa mahali pake, kwa hiyo habari inaweza kusemwa kama ilivyo. Mwandishi wa ofisi wa leo ameiondoa salamu ndefu kwa kufuata mtindo wa Kiingereza, akabaki na deni la heshima asilojua pa kulilipa, akalilipa vipande vipande katikati ya ombi lake. Hapo ndipo ombi linapopotea.

Kuna mahali ambapo kitenzi chenyewe hakitoshi, napo ni pale cheo na umri vinapopingana. Mkuu wa idara mwenye miaka 35 akimwandikia karani aliyekaribia kustaafu, "zinatakiwa" ni sahihi kiofisi, na bado yaweza kumchoma mzee. Kumwita "Mzee" katika barua ya faili hakufai, kwa kuwa faili haina wazee. Kulegeza kitenzi hadi kiwe "unaombwa" kutamrudisha katika mtego ule ule wa mhadhiri. Ofisi zenye busara hulitatua jambo hili nje ya karatasi: kijana huenda kwanza kwenye meza ya mzee, akamwamkia, akamweleza kwa mdomo litakalokuja na kwa nini, na barua hufuata alasiri ikiwa na kitenzi chake kile kile.