Tarakimu na Kifungu Chake

Tangu tarehe 1 Januari 2019, kampuni zinazofuata viwango vya kimataifa vya uhasibu zinatakiwa kuingiza karibu mikataba yao yote ya pango kwenye mizania. Kiwango chenyewe ni IFRS 16, na ndicho kinachompa mhasibu kazi ya kutafuta mambo machache katika kila mkataba: pango linaanza lini, linaisha lini, kodi ni kiasi gani, inapanda vipi, na kuna malipo gani mengine. Kampuni yenye matawi mengi ina mikataba mingi. Mmoja umepigwa chapa vizuri, mwingine ni nakala ya nakala, na muhuri umeangukia pale pale palipoandikwa kiasi. Karani, au programu ya kusoma maandishi kwenye picha, huipitia na kujaza jedwali. Baada ya hapo jedwali humfikia mtu ambaye kazi yake husifiwa mara chache: mhakiki.

Ukimtazama mhakiki aliyeiva, jambo la kwanza utakaloliona ni kwamba haanzi na jedwali. Analifunika, anafungua mkataba, anasoma kifungu hadi mwisho, anaandika alichokiona kando, kisha ndipo anafunua na kulinganisha. Mgeni wa kazi hufanya kinyume. Anaichukua tarakimu ya kwenye jedwali na kwenda kuitafuta ndani ya mkataba, na akiikuta mahali popote anaweka alama ya vema. Njia hiyo ni ya haraka, lakini inathibitisha tu kwamba tarakimu hiyo imo kwenye karatasi. Haithibitishi kwamba inahusu jambo lililoandikwa kwenye safu.

Tuchukue mkataba wa mfano, wa ghala jijini Dar es Salaam, wa miaka 5. Jedwali linasema kodi ni Sh. 2,450,000 kwa mwezi, amana ni Sh. 7,350,000, na gharama za huduma ni 0. Visanduku vyote vimejaa na hesabu inakwenda sawa, kwa kuwa 7,350,000 ni kodi ya miezi 3 barabara. Mtu mwenye haraka angesaini.

Mhakiki anafungua ukurasa wa 3, kifungu cha 4.1. Kimeandikwa: "shilingi milioni mbili na laki nne (Sh. 2,450,000) kwa mwezi". Maneno yanasema kiasi kimoja na tarakimu zinasema kingine. Tofauti ni Sh. 50,000 kwa mwezi, na kwa miezi 60 inafika Sh. 3,000,000. Aliyejaza jedwali hakukosea kunakili. Alichukua tarakimu na kuyapita maneno, kwa sababu jicho hukimbilia tarakimu.

Ipo kanuni ya zamani juu ya jambo hili. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1882 kuhusu hundi na hati za malipo inasema kwamba maneno na tarakimu zikipingana, kiasi kinacholipwa ni cha maneno. Mhakiki anaijua kanuni hiyo na haitumii. Anajua kuwa mkataba wa pango si hundi, na tena anaendelea kusoma. Ukurasa wa 11, Jedwali la Kwanza, ratiba ya malipo inasema mpangaji atalipa Sh. 7,350,000 kila robo mwaka. Gawanya kwa 3 unapata 2,450,000. Kwa hiyo ndani ya mkataba huo huo upo ushahidi unaoziunga mkono tarakimu dhidi ya maneno. Kusema upi una nguvu zaidi ni kazi ya wakili. Kazi ya mhakiki ni kuhakikisha wakili ameuona wote.

Anachoandika ni kifupi: "Kodi ya mwezi: haijathibitishwa. Kif. 4.1, uk. 3: maneno 2,400,000, tarakimu 2,450,000. Jedwali la Kwanza, uk. 11: 7,350,000 kwa robo mwaka, inalingana na tarakimu. Aamue wakili." Atakayesoma maelezo hayo hana haja ya kurudia kazi. Anajua shaka iko wapi, imetokana na nini, na nani wa kuiondoa.

Kisha amana. Jedwali linasema 7,350,000, na kweli tarakimu hiyo imo mkatabani, ukurasa wa 11. Lakini pale ni kodi ya robo mwaka. Kifungu cha amana, cha 6, hakina tarakimu hata moja. Kinasema amana itakuwa "sawa na kodi ya miezi mitatu". Kwa hiyo kiasi kilichomo kwenye jedwali hakikusomwa, kimekokotolewa, na kimekokotolewa kutokana na kodi ambayo sasa ina shaka. Kodi ikiwa 2,400,000, amana inakuwa 7,200,000. Hapa ndipo ninapomvulia kofia mhakiki. Anaufuata wasiwasi kutoka kisanduku hadi kisanduku, na mbele ya amana anaandika "imekokotolewa, inategemea kif. 4.1". Wakili akishaamua kuhusu kodi, mhasibu atajua mara moja ni hesabu gani nyingine ya kufanyia marekebisho.

Inabaki ile 0 ya gharama za huduma. Kifungu cha 9 kinasema gharama hizo zitalipwa "kama zilivyoainishwa katika Jedwali la Pili". Faili ina Jedwali la Kwanza, kisha inaishia. Chini ya ukurasa wa mwisho imeandikwa "11 kati ya 13". Kurasa 2 hazikuingia kwenye mashine ya kunakilia, na aliyejaza jedwali, kwa kukosa kiasi, akaweka 0.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mhakiki angeongeza kuwa hupotea pia katika daftari lililojazwa kwa kukisia. Kwake, kutokuwapo kwa kiasi kuna sura tatu, na haziruhusiwi kuchanganywa. Mkataba unaweza kusema wazi kwamba mpangaji halipi gharama za huduma, na hapo 0 ni jibu sahihi. Unaweza kunyamaza kabisa, na hapo anaandika "haikutajwa", maneno ambayo hana haki ya kuyaandika kabla ya kusoma kila ukurasa hadi viambatisho. Au mkataba unaelekeza kwenye ukurasa ambao yeye hana, na hapo anaandika: "Ipo kwa mujibu wa kif. 9, Jedwali la Pili halimo kwenye faili, kurasa 12 na 13 zinakosekana. Ziombwe kwa mpangishaji." Ile 0 ingeingia kwenye jumla kimya kimya bila mtu kuuliza swali.

Uaminifu huu una kipimo chake. Yupo mhakiki anayeogopa lawama, akaweka "sina uhakika" mbele ya kila safu. Taarifa yake haimsaidii mtu, kwa sababu shaka ya kweli imezama katika shaka za kujikinga. Aliyeiva huandika "imethibitishwa" bila woga pale kifungu kinaposomeka na hakipingwi na kingine, kisha anataja ukurasa. Katika mkataba wetu, tarehe ya kuanza na muda wa miaka 5 vinapita hivyo bila maneno mengi.

Hata hivyo, ustadi wote huo unaishia kwenye karatasi. Kama pande mbili zilipunguza kodi kwa barua ambayo haikuwekwa kwenye faili, hakuna usomaji utakaoigundua. Risiti za malipo zinaweza kuonyesha kiasi gani kimekuwa kikilipwa, na mhakiki akizipata huzitaja katika safu ya peke yake, kwa sababu kilicholipwa na kilichokubaliwa ni mambo mawili. Ndiyo maana juu ya taarifa yake huorodhesha nyaraka alizosoma na idadi ya kurasa zake. Mhasibu akiletewa kesho nyongeza ya mkataba, atalinganisha na orodha hiyo na kujua papo hapo kwamba haikuwamo, na kwamba kodi isomwe upya.