Kupima Ubora wa Biti za Nasibu Kutoka Oskileta ya Pete

Oskileta ya pete ni mnyororo wa vigeuzi, yaani vijisakiti vinavyogeuza 0 kuwa 1 na 1 kuwa 0, ambavyo idadi yake ni witiri na cha mwisho hulisha cha kwanza, hivyo ishara haipati pa kutulia bali huzunguka daima. Mwendo wa joto wa elektroni ndani ya silikoni huufanya kila mzunguko uwahi au uchelewe kidogo, na mtikiso huo wa muda ndio chimbuko la unasibu: saa nyingine, iendayo polepole, huchota hali ya ishara kila baada ya muda maalumu, na kila mchoto huwa biti moja.

Mjuzi huuliza kwanza ni muda gani unaopita kati ya mchoto na mchoto. Ichukuliwe oskileta ya megahezi 200, yenye mzunguko wa pikosekunde 5,000 na mtikiso wa pikosekunde 5 katika kila mzunguko. Kwa kuwa mitikiso ya joto haitegemeani, hukua kwa kadiri ya kipeuo cha pili cha idadi ya mizunguko: baada ya mizunguko 100 mtikiso haufiki 500 bali 50 tu, sawa na asilimia 1 ya mzunguko. Anayechota kwa kasi hiyo hupata biti zinazoonekana kuvurugika, kumbe nyingi zimeamuliwa na uwiano wa saa mbili, na azijuaye saa hizo huzibashiri. Mtikiso hufikia nusu ya mzunguko baada ya mizunguko 250,000, yaani milisekunde 1.25, hivyo pete hiyo moja hutoa kwa uaminifu biti 800 hivi kwa sekunde.

Hata zikichotwa kwa subira, biti ghafi huweza kuegemea upande mmoja, kwa sababu ishara huweza kukaa juu muda mrefu kuliko chini. Zikiwa 1 kwa asilimia 60, kila biti ina entropia ya kima cha chini, yaani kiasi cha kutobashirika, ya 0.737 tu. Mwaka 1951 John von Neumann alipendekeza zisomwe mbili mbili, 01 ihesabiwe 0, 10 ihesabiwe 1, na jozi zinazofanana zitupwe. Njia hiyo hufuta mwegemeo, lakini kwa sharti kwamba biti hazitegemeani, sharti ambalo mvumo wa umeme wa chipu huweza kulivunja. Ndiyo maana leo hutumiwa SHA-256, kanuni inayosaga biti nyingi kuwa 256: zikitakiwa 320 za entropia ili kuwe na ziada ya 64, hulazimu kuingiza biti ghafi 435.

Usagaji huo, hata hivyo, hukusanya entropia wala hauizalishi. Kihesabio cha 1, 2, 3 kikipitishwa ndani ya SHA-256 hufaulu majaribio yote ya takwimu ilhali hakina nasibu yoyote. Kwa hiyo kifaa kisichomruhusu mpimaji kuzifikia biti ghafi hakipimiki, na hakifai kuzalisha funguo za siri.